Taa ya injini inawaka Njombe, nikikaa Dar inazima yenyewe: gari limepona au kuna kitu kimejificha?

Mnyalu wa Njombe

Wakuu, habari za jioni. Nina Forester ya 2009, injini EJ20, nililinunua kwa mtu. Tangu baridi ya Juni ianze, taa ya njano ya injini inawaka nikiwa huku Njombe. Nikishuka Dar nafikia kwa shemeji Tabata, na baada ya siku chache naamka asubuhi, nawasha gari, taa haipo. Hakuna fundi aliyeligusa. Nikirudi huku haipiti muda inawaka tena.

Gari linatembea vizuri, halikosi nguvu, ila mafuta linakula kuliko la jirani yangu mwenye Forester kama hili. Fundi wa hapa kaniambia taa ikizima yenyewe ujue tatizo limekwisha, nisihangaike. Nina kile kidude cha ELM327 cha kuchomeka chini ya usukani. Nikasoma kwa simu nikiwa Dar, taa imeshazima, nikakuta bado kuna namba ya kosa P0128. Taa imezima lakini namba ipo, niamini kipi? Natanguliza shukrani.

Kipara wa Sinza

Mkuu, hayo mambo ya kawaida sana. Kompyuta ya gari ina tabia ya kujirekebisha. Ukiwasha na kuzima mara tatu bila tatizo kutokea, taa inajizima. Hiyo namba iliyobaki ni ya zamani. Kama inakukera, chomoa teminali ya betri dakika kumi, rudisha, kila kitu kinafutika. Usipeleke hela yako gereji.

Fundi Umeme Kihesa

Mnyalu, betri usichomoe kwanza. Ukichomoa unafuta ushahidi wote, na huo ushahidi ndio utakaokwambia kwa nini taa inawaka Njombe na siyo Tabata.

Kipara kagusa jambo la kweli: ile tatu ipo. Ila siyo mara tatu za kugeuza ufunguo. Kompyuta haihesabu ufunguo, inahesabu safari ambazo jaribio lenyewe limefanyika likakamilika. Kila hitilafu ina jaribio lake na kila jaribio lina masharti yake. Ili P0128 ipimwe, injini lazima iwashwe ikiwa imepoa, halafu iendeshwe muda wa kutosha. Kompyuta inaangalia maji ya rejeta yalianzia nyuzi ngapi, hewa inayoingia ina nyuzi ngapi na injini imefanya kazi kiasi gani. Kutokana na hayo inakadiria kwamba kufikia muda fulani maji yalipaswa yawe yamepata joto fulani. Yakichelewa, gari limefeli jaribio. Ukisimama sheli, ukazima, ukawasha tena injini bado ya moto, hilo jaribio halifanyiki kabisa. Unaweza kuwasha mara ishirini kwa siku ikawa umepata safari moja tu inayohesabika, ile ya asubuhi.

Sasa hatua zake. Siku ya kwanza gari likifeli, taa haiwaki. Namba inaandikwa pembeni, kwenye simu yako utaiona chini ya `Pending`. Kompyuta inasubiri kuona kama ilikuwa bahati mbaya. Safari inayofuata, jaribio likifanyika na gari likafaulu, ile `Pending` inaondoka na wewe hutajua kama kuliwahi kuwa na kitu. Likifeli tena, namba inathibitishwa na taa inawaka. Ndiyo maana unaona taa leo wakati shida ilianza jana au juzi.

Kuzima nako kuna utaratibu. Gari lifaulu jaribio hilohilo safari tatu mfululizo, ndipo taa inazimwa. Kwa magari mengi utaiona imezima unapowasha asubuhi ya nne. Taa ikizima, namba haifutiki hapohapo. Inabaki kwenye kumbukumbu hadi injini ipashe joto vizuri mara 40 bila hitilafu hiyo kurudi. Hapo ulipochanganyikiwa, hakuna kinachopingana: taa inasema safari tatu za karibuni umefaulu, na namba inasema hivi karibuni uliwahi kufeli.

Nisomee vitu viwili. Kwanza, hiyo P0128 uliiona chini ya `Pending` au `Stored`? Pili, fungua `Freeze Frame` utuwekee kilichomo. Hiyo ni picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa wakati kosa linarekodiwa.

Mama Junior TZ

Jamani mimi ya kwangu IST, taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, nikipandisha mlima mkali. Nikifika tambarare inatulia, kesho yake naikuta haipo. Kwa hiyo na mimi nisubiri safari tatu?

Fundi Umeme Kihesa

Dada, hapana, lako ni jambo lingine na ni la haraka. Mwenzako taa yake inawaka na kutulia. Yako inapepesa. Taa ya injini ikipepesa maana yake kuna silinda haichomi, petroli mbichi inatoka nayo kwenye egzosi na inaenda kuunguza kataliti. Hapo kompyuta haisubiri safari ya pili, inakupepesea papo hapo. Ukiiona, ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mzigo kwa injini. Usiendelee kulikamua mlima mzima. Kisha lisomwe. Ukikuta P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Mwambie fundi ahamishe koili ya silinda hiyo kwenda silinda nyingine, halafu uendeshe tena. Namba ikihama na koili, umempata mwizi. Isipohama, aangalie plagi, kisha noseli. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri zaidi.

Mama Junior TZ

Asante kaka. Wiki nzima naambiwa ni petroli chafu.

Mnyalu wa Njombe

Fundi, nimekusoma. Dar niliiona chini ya `Stored` peke yake, `Pending` hapakuwa na kitu. Nimerudi Njombe, na leo asubuhi taa imewaka tena. Sasa hivi namba ipo sehemu zote mbili. Picha yenyewe hii hapa:

```
P0128
ECT       64 °C
IAT       13 °C
SPEED     83 km/h
RPM       2350
LOAD      38 %
RUNTIME   1140 s
```

Fundi Umeme Kihesa

Safi sana. Tusome pamoja. Injini imewaka sekunde 1140, yaani dakika 19. Uko barabara kuu, 83 kwa saa, injini inafanya kazi yake. Hewa ya nje ni nyuzi 13. Na maji yako baada ya dakika 19 yapo 64. Injini hiyo ilipaswa iwe imevuka 80 zamani, maana themostati yake inaanza kufunguka karibu na hapo. Inapaswa ibaki imefunga maji yazunguke ndani tu hadi yapate joto, ndipo iruhusu yaende kwenye rejeta. Ya kwako ama imekwama wazi, ama haipo.

Mimi ningeweka dau kwamba haipo. Kwetu huku mafundi wengi wakiona gari linachemsha, dawa ya kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa.

Ndiyo maana ya Njombe na Dar. Njombe asubuhi ya Juni unaanzia maji yakiwa nyuzi kumi na kitu, unaingia barabara wazi, upepo wa baridi unapiga rejeta moja kwa moja, na maji yote yanapita humo tangu sekunde ya kwanza. Hayapandi. Dar unaanzia nyuzi ishirini na kitu, unaingia foleni ya Tabata, gari limesimama, upepo hakuna, maji yanapanda yenyewe hata bila themostati. Jaribio linafaulu. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu taa inazima. Gari halijapona. Limehamia mahali ambapo ugonjwa wake hauonekani.

Kipara wa Sinza

Hapo kwenye masharti ya jaribio nimekuelewa, kumbe siyo ufunguo tu. Lakini sasa kama anaishi nusu mwaka Dar, si hiyo namba ingefutika yenyewe baada ya hizo mara 40?

Fundi Umeme Kihesa

Swali zuri. Mara moja inahesabika pale ambapo tangu umewasha maji yamepanda angalau nyuzi 22 na yamefika angalau 71. Dar kwenye foleni atazipata. Njombe hata taa isipowaka, gari lililotolewa themostati linaweza kutembea asubuhi nzima bila kufika 71, na siku hiyo haihesabiki. Kwa hiyo namba inaweza kukaa miezi. Hata ikifutika haijasema chochote kuhusu themostati.

Binti Songea

Lakini si inaweza kuwa sensa ya joto la maji inadanganya? Mimi nilibadilishiwa themostati, namba ikarudi, mwisho ikaonekana ni sensa. Kabla hajafungua chochote ajiridhishe.

Fundi Umeme Kihesa

Upo sahihi, na kupima hakuna gharama. Mnyalu, gari lilale usiku kucha. Asubuhi kabla ya kuwasha, weka ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, injini isizunguke. Soma ECT na IAT. Injini iliyolala usiku mzima ina joto sawa na hewa, kwa hiyo sensa mbili hizo zinapaswa kukubaliana, tofauti ya nyuzi mbili tatu siyo neno. Hewa ikisema 12 na maji yakisema joto la ajabu, kwa mfano 30 au chini ya sifuri, basi sensa au waya wake. Zikikubaliana, washa na uiangalie ECT inavyopanda. Sensa nzima inapanda taratibu bila kuruka.

Halafu shika hosi. Kwenye Subaru hii themostati ipo chini, upande maji yanakorudi kutoka rejeta kwenda pampu. Kwa hiyo hosi ya juu kupata joto mapema siyo dalili. Shika ya chini. Themostati ikiwa nzima, hosi ya chini inabaki baridi muda mrefu, halafu inapofunguka unahisi joto linaingia. Ikianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo pamoja na ya juu, maji yanapita wakati wote. Angalia feni kwanza kabla hujaweka mkono.

Nassor_Oakland

Nipo Kalifonia. Nichangie hapo kwenye kuchomoa betri. Huku watu walikuwa wanafuta namba usiku, kesho wanapeleka gari kwenye ukaguzi wa moshi. Haisaidii, kwa sababu ukifuta, majaribio yote yanarudi mwanzo na mashine ya ukaguzi inaona kwamba hayajakamilika. Gari linarudishwa nyumbani. Tena magari ya huku kuanzia karibu 2010 yana namba za kudumu ambazo skana haizifuti, ni gari lenyewe linazifuta likishafaulu jaribio. Tangu Julai 2019 ukaguzi wa jimbo hili unaziangalia na hizo. Kwa hiyo hata huko nyumbani, ukinunua gari, usiridhike kuona taa haiwaki. Soma kama majaribio yamekamilika. Ukikuta mengi yako `Incomplete`, uliza betri ilitolewa lini.

Mnyalu wa Njombe

Huu ushauri ningeupata kabla ya kununua! Nimefanya mlivyosema. Asubuhi kabla ya kuwasha: ECT 12, IAT 11. Nikawasha nikawa nasoma, inapanda taratibu bila kuruka. Hosi ya chini imeanza uvuguvugu mapema kabisa, pamoja na ya juu. Nimeenda barabarani, imefika 66 ikagoma hapo, nikapandisha mlima ikaenda 73, nikashuka ikarudi 61.

Fundi kafungua mbele yangu. Themostati haipo. Kuna nyumba yake tupu na mpira umepakwa gundi.

Chuma cha Gongo la Mboto

Mimi ni fundi miaka mingi, naomba nami nisikike. Msiwalaumu sana mafundi wanaotoa themostati. Gari linakuja linachemsha, mteja hana hela ya rejeta, na yuko Dar ambako joto ni joto tu. Ukiitoa linatembea na mteja anafika kazini. Mimi nimezitoa nyingi na magari yapo barabarani mpaka leo. Huyu ndugu shida yake ni Njombe. Angekuwa Dar asingejua lolote.

Fundi Umeme Kihesa

Ndugu yangu Chuma, nakuelewa kwamba mteja anataka afike kazini. Lakini hata Dar, alfajiri barabara ikiwa tupu, injini inatembea baridi. Ikiwa baridi kompyuta inaongeza mafuta, ndiyo hayo Mnyalu anayolalamikia. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, na unyevu hauondoki. Kwenye hoja moja nakubaliana nawe kabisa, na Mnyalu aisikie: aliyeitoa alikuwa na sababu. Gari hili liliwahi kuchemsha. Ukiirudisha themostati, huenda ukakutana na ule ugonjwa wa kwanza.

Mnyalu, nunua ya Subaru yenyewe. Zile za bei rahisi nyingi zina kidude cha ndani kidogo kuliko cha asili na hazitulizi joto vizuri kwenye injini hizi. Kile kipini kinachochezacheza kikae upande ambao kitabu cha gari kinaelekeza, ili hewa itoke. Mjaze kulanti, siyo maji ya bomba, taratibu, na mtoe hewa yote. Namba usiifute. Acha gari lijizimie taa lenyewe, ndivyo utakavyojua kwamba jaribio limefanyika kweli na limefaulu.

Kipara wa Sinza

Hapo kwenye kutofuta mimi bado sioni sababu. Ameshaona themostati haipo, ameweka mpya. Afute, namba isiporudi basi.

Fundi Umeme Kihesa

Akifuta halitakufa, ni kweli. Tofauti ni hii: akifuta, taa itakuwa imezima iwe gari limepona au halijapona, na atalazimika kufuatilia mwenyewe kama jaribio limeshakamilika. Asipofuta, taa kuzima ndiyo jibu. Kwa mtu aliye Njombe, mahali ambapo gari lilikuwa linafeli kila asubuhi, hilo jibu lina uzito. Kama ana haraka ya kuuza au kukaguliwa, afute, ila apige kwanza picha ya ile skrini.

Binti Songea

Mimi nilifuta siku ileile, na ndiyo maana ilichukua muda kugundua kwamba ni sensa. Kila ikifutwa ilikuwa inaanza upya na `Pending`, tunadhani tumefaulu kwa sababu taa haipo.

Mnyalu wa Njombe

Mrejesho wakuu. Themostati ya asili imewekwa, kulanti mpya, hewa imetolewa. Asubuhi ya kwanza taa ilikuwa bado inawaka lakini `Pending` ilikuwa tupu, `Stored` ikabaki. Nikaendelea na safari zangu za kawaida za asubuhi hapa hapa Njombe, na baridi ipo. Asubuhi ya nne nimewasha, taa imewaka pamoja na nyingine pale mwanzo, injini ilipozunguka ikazima. Barabarani maji yapo 86 hadi 90, hayachezi. Hosi ya chini inakaa baridi muda mrefu kama mlivyosema. Mshale wa joto nao umesogea juu kidogo, ukatulia.

Lakini nimeshuka Iringa na Dar, na wakati wa kurudi, kwenye Kitonga, nyuma ya malori, maji yalipanda hadi 103. Nikafika juu, baada ya muda yakashuka hadi 91. Hakuna taa iliyowaka, hakuna namba yoyote, hata `Pending`. Zamani pale sikuwahi kuona zaidi ya 90.

Chuma cha Gongo la Mboto

Ndiyo ile sababu ya aliyeitoa.

Fundi Umeme Kihesa

Inawezekana, ila tusikimbilie. Kitonga nyuma ya malori, gia ndogo, mwendo wa kutambaa, hata gari zima linapanda. 103 yenyewe haijafikia kuchemsha kama mfuniko wa rejeta unashika presha. Mashaka yangu ni kwamba hatujui ingeishia wapi mlima ungekuwa mrefu zaidi. Na usitegemee taa ikuonye, P0128 inaangalia baridi, haiangalii joto kuzidi.

Feni zote mbili zilikuwa zinazunguka? Kulanti kwenye chupa ya akiba imepungua au imepanda? Injini ikiwa ya moto na umepiga resi kidogo, angalia hiyo chupa kama inatoa mapovu mfululizo. Mapovu yasiyoisha kwenye EJ yananifanya niwaze gasketi ya silinda hedi. Yasipokuwepo, tuanze na mfuniko na rejeta. Mfuniko usifungue injini ikiwa ya moto.

Mnyalu wa Njombe

Feni niliisikia moja. Ya pili sina uhakika. Chupa ilikuwa juu ya alama ya mwisho nilipofika, asubuhi imerudi mahali pake. Mapovu sijaangalia. Kesho nalipasha moto hapa nyumbani nikiwa nimewasha AC ili feni zote ziitwe, kisha nawaletea nilichoona.

Kipara wa Sinza

AC ikiwaka na feni moja imelala, umeshapata pa kuanzia. Tunasubiri.